"Umaskini ulimfanya": sentensi inayoua insha ya riwaya

Mwalimu wa fasihi akishika rundo la insha zinazojibu swali la jinsi umaskini, matabaka na mazingira ya kijamii yanavyoathiri uamuzi wa wahusika wa riwaya, kuna sentensi anayoijua kabla hajaimaliza kuisoma: "Umaskini ndio uliomfanya mhusika afanye hivi." Mwanafunzi anaiandika, anaweka nukta, anahamia kwa mhusika mwingine na kumwandikia sentensi ileile. Barazani mambo ni hayohayo. Kibaka akikamatwa, upande mmoja unasema ni njaa, upande wa pili unasema ni tabia yake tu, mbona jirani yake ana njaa na haibi? Pande zote mbili zimeshika kipande cha ukweli, na kazi ya insha ni kuvikutanisha vipande hivyo. Ugumu ni kujua vinakutania wapi.

Tuanze na maneno yenyewe, maana mengi huharibika hapo. Umaskini ni hali: mtu ana kiasi gani, na kinamkosesha nini. Tabaka ni uhusiano: pesa yake inatoka wapi, nani anaweza kumfukuza, nani anaweza kumpigia simu akapokelewa, nani humwamkia kwanza. Karani na kuli wanaweza kulala na njaa usiku mmoja, lakini hawako mahali pamoja. Mazingira ya kijamii ni mpango mzima wa mambo hayo katika mji na wakati maalumu, pamoja na bei za vitu, sheria, sifa na aibu zake. Uamuzi, nao, ni pale mhusika alipokuwa na njia zaidi ya moja akashika moja. Pasipokuwa na njia ya pili hapana uamuzi. Hapo pana tukio tu.

Sasa mfano wa dukani. Mama mwenye shilingi elfu tano asubuhi hununua mafuta ya kupimiwa na sukari robo. Mwenye laki moja hununua dumu la mafuta na mfuko wa sukari. Ukipiga hesabu, yule wa kwanza amelipa zaidi kwa kila kijiko. Si kwamba hajui hesabu. Pochi yake haikumchagulia cha kununua, ila imembadilishia bei ya kila kitu kilichomo dukani. Tabaka katika riwaya hufanya kazi hiyohiyo. Halimwamulii mhusika, linapanga bei ya kila uamuzi. Waziri akisema ukweli hulipa bei moja, mpiga kasia akiusema hulipa bei nyingine. Ukiishika picha hii, insha yako itaacha kuuliza "nani maskini?" na itaanza kuuliza "uamuzi huu ulimgharimu nani, kiasi gani?"

Tuichukue riwaya moja tuipitie kwa karibu: Wema Hawajazaliwa ya Ayi Kwei Armah wa Ghana, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1968 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Abdilatif Abdalla katika miaka ya 1970. Inafaa kwa sababu imejaa watu wa tabaka moja wanaochagua mambo tofauti, na hapo ndipo sentensi yetu ya "umaskini ulimfanya" hufia.

Mhusika mkuu hana jina. Ni karani wa reli katika mji wa bandari wa Takoradi, ana mke, Oyo, na watoto. Hapa tumwite Mtu. Ghana imepata uhuru mwaka 1957, sasa tuko kati ya 1965 na 1966, na waliowaahidi watu usawa wanaishi kwenye majumba ya mlimani waliyoyaacha Wazungu. Mtu si fukara kuliko wote. Ana kazi ya mezani na mshahara wa mwezi. Lakini mshahara hauufikishi mwezi mwisho. Siku za kabla ya mshahara wafanyakazi wamezibatiza jina la wiki ya mateso ya Kristo, na riwaya inafunguka katika siku hizo: ndani ya basi alfajiri, kondakta anahesabu sarafu, kwa kuwa watu wote wako kwenye mwambo na noti ni adimu. Anagundua kuna macho yanamtazama kutoka nyuma. Akidhani ameshuhudiwa akichezea chenji, anamfuata mwenye macho na kumpa sigara ili wawe wamoja. Kumbe yule amelala macho wazi, udenda umelowesha kiti. Kondakta anageuka mbogo na kumtukana.

Usiiruke rushwa hiyo ndogo ya sigara. Inaonyesha mapema kwamba katika mji huu hongo si tabia ya wakubwa peke yao. Ni lugha inayosemwa ngazi zote. Mwanafunzi anayeandika "matajiri ni wala rushwa, maskini ni waaminifu" ameshakosea kabla ya ukurasa wa kumi. Baadaye kidogo mhudumu wa ofisini anasema ameshinda bahati nasibu, sedi 100, na tumaini lake ni kwamba atampata afisa atakayekula sehemu ya pesa hizo kama hongo ili yeye aachiwe zinazobaki. Hongo kwake imekuwa kama nauli, haombi isiwepo, anaomba isizidi.

Tukio la kulishikia insha yako ni la jioni ofisini. Mfanyabiashara wa magogo anaingia akimtafuta karani anayegawa mabehewa, maana magogo yake yanaozea msituni yakisubiri treni. Karani huyo ameondoka. Aliyebaki ni Mtu. Mfanyabiashara anatoa noti mbili: moja ya Mtu, moja ampelekee mwenzake. Mtu anakataa. Mgeni anashangaa kwanza, kisha anakasirika, na kuondoka kwake kunaambatana na laana: Mtu ni mbaya, na hatafanikiwa.

Mwandishi wa insha ya haraka ataandika hapa: "Mtu ni mwaminifu." Ni kweli, lakini haijafika popote. Mtazame mfanyabiashara. Kwa nini anamwona Mtu mbaya? Kwa sababu katika mpango wa mji ule, hongo haimwibii mtu anayeonekana. Ndiyo inayoyatoa magogo msituni. Anayeikataa anamzuia mwenzake riziki na hajipatii chochote. Mazingira yameupindua msamiati, wema umeitwa ubaya. Hilo ndilo la kuandika, kwa sababu linaonyesha bei ya kukataa: Mtu hapotezi pesa tu, anapoteza na jina zuri. Anatoka ofisini akijiona kama mkosaji.

Bei ya pili anailipa nyumbani. Akimsimulia Oyo, mke hampongezi. Anamfananisha na ndege, chichidodo, anayechukia kinyesi kwa roho yake yote lakini chakula chake ni funza tu, na funza hunawiri chooni. Mahali pengine anamwambia kwamba kila mtu anaogelea kufuata anachokitaka. Nani anataka kubaki ufukweni akiuuliza upepo maswali? Wanafunzi wengi humpiga Oyo muhuri wa "mwanamke mwenye tamaa" na kuendelea. Huo ni uvivu, tuseme wazi. Oyo ndiye anayepanga foleni, anayeona watoto wanakosa, anayelinganishwa na mke wa mkubwa kila mara wanapokutana. Uamuzi wa kukataa noti ulifanywa na mtu mmoja, lakini gharama zake zinalipwa na wote waliomo nyumbani, na waliobaki hawakuulizwa.

Hapa sasa mlinganisho unaingia, na bila mlinganisho insha ya aina hii haisimami. Kanuni yake ni rahisi: tafuta wahusika wawili wenye hali inayofanana, waliochagua tofauti, kisha uliza ni nini kilichotofautiana katika bei zao. Riwaya hii inakupa jozi mbili nzuri.

Jozi ya kwanza ni Mtu na Koomson. Walisoma pamoja. Koomson aliwahi kufanya kazi reli, kisha akawa kuli bandarini, akivuta kamba hadi viganja vikaota sugu. Halafu akaingia chamani, akapanda, sasa ni waziri mwenye gari na nyumba ya mlimani. Kama umaskini ndio unaoamua, Koomson aliyekuwa chini zaidi na Mtu aliyekuwa mezani wangefuata njia moja. Hawakufuata. Koomson alikuta mlango ambao wakati ule ulikuwa wazi, chama kilichohitaji sauti za wafanyakazi, akaulipa mlango huo kwa uhusiano wake na watu wa bandarini. Armah haelezi hili kwa hotuba. Anaweka mkono. Mtu anapomshika Koomson mkono, anashangazwa na ulaini wake, mkono uliolegea kama haukuwahi kushika kamba, ilhali mwenyewe anajiita mwanamapinduzi. Ushahidi wa tabaka usiutafute kwenye maneno makubwa ya wahusika, utafute kwenye viganja, vinywaji, viti na vyoo.

Vyoo hasa. Koomson na mkewe Estella wanakuja kula kwa Mtu. Estella anapewa bia ya nchini, anasema haipatani na mwili wake. Koomson anataka kujisaidia, anapelekwa choo cha pamoja cha ndoo, anafika mlangoni, harufu inampiga, anarudi akisema haja imekwisha. Ndani ya saa moja watu waliotoka mahali pamoja wanaonyesha hawawezi tena kunywa kinywaji kimoja wala kutumia choo kimoja. Lishike tukio hili, tutalirudia.

Jozi ya pili ni Mtu na Mwalimu, rafiki yake. Mwalimu naye amekataa mchezo. Anaishi peke yake, na Mtu anamkuta uchi chumbani akisikiliza redio. Lakini Mwalimu amekimbia jamaa zake. Alijua kwamba anayependwa ana madai kwa anayempenda, na kila dai la jamaa ni senti inayoongezwa kwenye bei ya uaminifu. Akakata undugu ili bei ishuke. Mtu hakukata. Kwa hiyo wawili hawa wana msimamo mmoja, na bado maamuzi yao si sawa: Mwalimu ananunua usafi kwa upweke, Mtu anaununua kwa macho ya mke wake. Ukiandika "wote wawili walipinga rushwa" umefuta tofauti ambayo riwaya nzima imejengwa juu yake.

Tumalizie na boti. Waziri katika serikali inayohubiri ujamaa haruhusiwi kumiliki vitu kama boti ya uvuvi, hivyo Koomson anatafuta jina la kuiandikishia. Oyo na mama yake wanaona huo ndio mlango wao. Mtu hakubali kutia sahihi, lakini hamzuii mke wake, Oyo anatia. Faida yenyewe? Samaki wa mara chache mwanzoni, kisha hata hao wanakoma. Mwanafunzi makini atauliza: kutotia sahihi huku ukiacha nyumba yako itie, je, ni kukataa? Jibu haliko wazi, na ni vizuri kuliacha wazi katika insha ilimradi uonyeshe kwa nini. Mtu ana mamlaka juu ya mkono wake, hana tena juu ya nyumba yake. Umaskini umeyala mamlaka hayo kidogokidogo. Kuna pia jioni alipokwenda kununua vitu vya kutoka nje kwa ajili ya karamu ile. Watu walimtazama kwa heshima, naye akajisikia raha. Mwandishi hakumficha. Mtu si mtakatifu aliyezaliwa bila hamu. Hamu anayo, na anajua inakotoka.

Kisha mazingira yenyewe yanabadilika, na hapa ndipo insha nyingi huishiwa pumzi wakati ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Tarehe 24 Februari 1966 jeshi na polisi wanaipindua serikali ya Kwame Nkrumah. Koomson anakimbilia wapi? Kwa Mtu. Waliokuja kumkamata wakiwa mlangoni, njia pekee iliyobaki ni choo kilekile alichokikataa: anapenya kwenye tundu ambalo topasi hulitumia kutolea ndoo, akisukumwa na Mtu kutoka nyuma, na wote wawili wanatokea kwenye njia ya mazoa. Tundu halikubadilika, ndoo haikubadilika, Koomson ndiye yuleyule. Kilichobadilika ni bei. Siku ya karamu, kuingia chooni kungemgharimu heshima asiyokuwa na sababu ya kuitoa. Usiku huu, kutoingia kungemgharimu uhuru wake. Oyo naye, aliyemwita mumewe chichidodo, anamwambia amefurahi kwamba hakuwa kama Koomson. Ukisema "Oyo amebadilika tabia" utakuwa umesema nusu. Kipimo chake ni kilekile, usalama wa nyumba yake. Mji ndio uliopindua jibu.

Jinsi ya kuyaweka haya kwenye karatasi? Linganisha aya mbili. Ya kwanza ndiyo inayoandikwa mara nyingi:

"Oyo ni maskini, kwa hiyo ana tamaa. Anamlaumu mume wake kwa kukataa rushwa. Hii inaonyesha kwamba umaskini huharibu ndoa."

Ya pili:

"Oyo anapomfananisha mumewe na chichidodo hatetei rushwa kwa jumla, anataja gharama ambayo mumewe haioni. Mshahara wa karani huisha kabla ya mwezi, na katika mji ambao hata zawadi ya bahati nasibu haitoki bila hongo, noti iliyokataliwa ofisini hulipiwa jikoni. Mtu anabaki na dhamiri yake, Oyo anabaki na foleni. Hata hivyo Mwalimu, mwenye msimamo huohuo, halaumiwi na yeyote, kwa kuwa hana wa kumlisha. Kwa hiyo mgogoro wa ndoa hii hauletwi na umaskini peke yake, unaletwa na uamuzi wa mtu mmoja unaolipiwa na watu kadhaa."

Aya ya pili ina viungo vinne: kitendo maalumu cha mhusika, jambo mahususi la mji linaloupandisha au kuushusha uamuzi huo bei, mtu anayelipa, na mhusika mwingine anayethibitisha kwamba njia nyingine ilikuwepo. Kiungo cha nne ndicho kinachosahaulika, nacho ndicho kinachobeba neno "uamuzi" lililoko kwenye swali. Bila Mwalimu, msomaji hana sababu ya kuamini kwamba Mtu alichagua chochote.

Kuna jaribio la kuipima aya yako kabla ya kuikabidhi. Futa neno "umaskini" uweke "uvivu" au "ulevi". Soma tena aya ya kwanza: "Oyo ni mvivu, kwa hiyo ana tamaa." Inasomeka vilevile, maana yake umaskini haukuwa ukifanya kazi yoyote humo, ulikuwa pambo. Jaribu kwa aya ya pili, itavunjika mara moja, kwa sababu mshahara, hongo na foleni zimeshikana na haziwezi kuhamia kwa mlevi.

Makosa mengine mawili hujitokeza sana. La kwanza ni kusimulia. Mwanafunzi anaanza na basi, anafika ofisini, anafika nyumbani, na ukurasa umejaa kabla hajadai lolote. Dawa yake ni kupanga aya kwa bei badala ya mpangilio wa matukio: aya ya jina linalopotea, aya ya nyumba inayolipa, aya ya bei zinazogeuka baada ya mapinduzi. Aya tatu au nne za mwili zinatosha kwa insha ya kurasa tatu. Ukiweka saba, kila moja itapata mistari ya kutaja tu. La pili ni kumpa mwandishi hukumu ambayo hakuitoa. "Armah anatufundisha tuwe waaminifu" ni sentensi ya kwenye ubao wa matangazo. Mtu aliyekataa noti mbili ndiye huyohuyo aliyemtorosha fisadi hadi kwenye boti, na safari hiyo nayo ilihitaji mlinzi wa bandari apewe chake. Insha isiyougusa mkanganyiko huo imesoma nusu ya kitabu.

Kwenye hitimisho usirudie aya zako. Bakiza tukio moja ambalo hukulitumia. Hapa lipo la mwisho kabisa: asubuhi baada ya kuogelea kurudi nchi kavu, Mtu anaona basi dogo limesimamishwa kwenye kizuizi cha polisi wa serikali mpya. Dereva anatoa leseni, ndani yake kuna noti. Polisi anaichukua, basi linapita, na nyuma yake yameandikwa maneno yaliyokipa kitabu jina. Serikali ni nyingine, bei ni ileile. Mtu anaendelea kutembea kurudi nyumbani, taratibu.